Kukagua kompyuta mpakato iliyotumika

"Muuzaji ameiwasha mbele yangu, naona nzima. Nitajuaje kama ina ubovu uliofichika?"

Ndugu, mwombe aizime kabisa, ipoe, kisha uiwashe mwenyewe bila chaja, kwani baadhi ya hitilafu za kuwaka hujificha mashine ikiwa na joto. Kwenye Windows, fungua Command Prompt uandike:

```
powercfg /batteryreport
```

Fungua faili lililotajwa, ulinganishe DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. 50,000 mWh zikiwa zimeshuka hadi 27,500, betri imebakiwa na asilimia 55, na mimi ningedai punguzo. Halafu andika `perfmon /rel` uone historia ya hitilafu za mashine: alama nyekundu za "Windows was not properly shut down" zikijirudia, usilipe kabla hujajua chanzo, ingawa hata betri kuisha ghafla huziacha. Historia ikiwa tupu, huenda Windows imewekwa upya juzi. Hapo icheze video nusu saa huku ukiisikiliza feni.