Majina mawili, cheti kimoja

"Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Mary Achieng Otieno, kitambulisho kinasema Achieng Mary. Nataka kujiandikisha KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi hapa Kisumu. Nitumie lipi?"

Dada, ningekushauri ufuate cheti cha kuzaliwa, majina yote matatu kwa mpangilio uleule, kisha uende Huduma Center ukarekebishe kitambulisho, kwa sababu cheti cha KCSE hubeba yale yaliyoingizwa wakati wa usajili na kuyasahihisha baadaye kuna gharama na usumbufu. Kabla dirisha la usajili halijafungwa, omba kituo cha mtihani kikuchapishie orodha ya usajili, uisome herufi kwa herufi: "Acheing" hupita machoni kwa urahisi mno.

Papo hapo kagua misimbo ya masomo. Hisabati ya 121 ni ya kawaida, 122 ni ya Alternative B, na ukikosea tarakimu hiyo moja utafanya mtihani mwingine kabisa. Historia, 311, haina mtihani wa vitendo, lakini Kemia, 233, ina karatasi ya tatu ya maabara. Hivyo uliza kituo kama maabara yake huwapokea watahiniwa wa kibinafsi kabla hujakichagua kwa kuwa tu kiko karibu na nyumbani.