Bekapu imewashwa, sawa, lakini ya mwisho ilifanyika lini?

*"Wakuu, wiki hii nabadilisha simu. Kuna ujumbe hunitokea kwamba nafasi ya akaunti ya Google imejaa, mimi huufunga tu naendelea. Bekapu ya picha na ya WhatsApp zote niliziwasha siku nyingi. Nikiingia kwenye simu mpya kwa akaunti ile ile, vitu vyote vitakuja?"*

Mkuu, vitakuja vile vilivyopanda kabla nafasi haijajaa. Vya baada ya hapo viko kwenye simu uliyoishika mkononi, na huenda haviko mahali pengine popote. Kwa hiyo hiyo simu ya zamani usiifute wala usimpe mtu mpaka umalize kusoma hapa.

Mimi ndiye ninayeitwa pale kazini simu au kompyuta ya mtu ikigoma, na hili nimekutana nalo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi simuulizi mtu kama amewasha bekapu. Kila mtu amewasha. Namwambia anionyeshe tarehe. Swichi inakuonyesha kwamba uliwahi kutaka bekapu ifanyike, basi. Nafasi ikijaa swichi haijizimi, inabaki na rangi yake ile ile, na simu inaendelea kupiga picha na kupokea meseji kama kawaida. Kinachokwama ni kupandisha tu, na kupandisha hukuwa ukikuona tangu mwanzo, maana kulikuwa kukifanyika usiku simu ikiwa kwenye chaji.

Ya Google ni GB 15 za bure, na hizo zinagawanwa na Gmail, Drive na Google Photos kwa pamoja. Picha zilikuwa hazihesabiwi ukizipandisha kwa ubora uliopunguzwa, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya inahesabiwa. Bekapu za WhatsApp kwenye Android nazo zilikuwa nje ya hesabu, zikaingizwa mwaka 2024. Ndiyo maana watu wengi waliokaa miaka bila shida wamejikuta wamejaa ghafla na hawajabadilisha chochote katika matumizi yao. Na ikijaa kabisa, hata barua pepe hazitumwi wala kupokelewa. Mara nyingi hapo ndipo mtu anashtuka, kwa sababu ya barua pepe, si kwa sababu ya bekapu.

Sasa tarehe. Anza na WhatsApp, kwa sababu pale ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Fungua Settings, kisha Chats, kisha Chat backup. Utaona mistari miwili juu: mmoja umeandikwa Local, mwingine ni wa Google. Huo wa Local utakuwa na saa ya leo, mara nyingi saa nane usiku (2:00 AM), na mtu akiona hivyo anaridhika anafunga. Lakini hiyo Local ni nakala inayokaa ndani ya simu hiyo hiyo. Inaendelea kufanyika kila usiku hata kama kule juu hakuna hata kilobaiti iliyobaki. Simu ikiibiwa, ikifa au ikifutwa, inaondoka na nakala yake. Mstari wa kuusoma ni ule wa Google.

Kwa picha, fungua Google Photos ugonge picha ya wasifu wako juu kulia. Ikisema "Backup complete", vizuri. Ikitaja kwamba nafasi imejaa, basi kuna picha zinangoja mlangoni. Hata hivyo mimi siamini sana kinachosemwa na simu juu ya kazi yake yenyewe. Chukua kompyuta, au simu ya mtu mwingine, fungua photos.google.com kwa akaunti yako utazame picha ya juu kabisa ni ya lini. Hiyo ndiyo picha ya mwisho iliyofika. Ukiwa hapo hapo kwenye kompyuta, nenda drive.google.com/drive/backups. Utakuta orodha ya bekapu za simu zako na za WhatsApp, kila moja na tarehe yake. Ukurasa huu hauzungumzwi sana na sijui kwa nini, kwa sababu unaonyesha kile kilichopo upande wa pili, kile ambacho simu mpya itakikuta.

Niwape mfano mmoja. Mwenzetu mmoja kazini alinunua simu mpya mwishoni mwa Agosti, akaniletea ya zamani nimsaidie kuifuta ili ampe mdogo wake. Nikamwomba tuangalie kwanza. WhatsApp, Local: leo. Google: tarehe 12 Machi. Kwenye kompyuta, picha ya mwisho ni ya siku hizo hizo za Machi. Zaidi ya miezi mitano haikuwa imepanda, na katikati ya miezi hiyo alipata mtoto wa kwanza. Picha zote za mtoto zilikuwa mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ndipo tulipokuwa tunataka kupafuta.

Kitu cha kwanza tulichofanya hakikuwa kutafuta nafasi. Tulichomeka simu kwenye kompyuta kwa waya tukanakili folda nzima ya DCIM, ambamo ndimo picha na video za kamera zilimo, kisha folda hii ya WhatsApp:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp
```

Ndani yake kuna Databases, ambamo ndimo nakala za Local zilimo, na Media, ambamo ndimo picha na video za kwenye meseji zilimo. Fuata mpangilio huo huo. Ukianza kufuta vitu kwa haraka ili upate nafasi, ilhali huna nakala nyingine, ndipo unapofuta kilichokuwa kimoja tu.

Baada ya hapo tukafungua one.google.com/storage kuona nani anakula nini. Picha na video zilichukua kama GB 9, bekapu kama 4, Gmail na Drive zikagawana 2 zilizobaki. Kwenye zile bekapu kulikuwa na ya namba yake ya zamani ya WhatsApp, aliyoiacha kitambo, karibu GB 2 nzima. Ile tukaifuta bila kufikiri mara mbili. Gmail tukatafuta barua zenye viambatisho vikubwa kwa kuandika hivi kwenye sehemu ya kutafutia:

```
has:attachment larger:10M
```

Kumbuka kwamba ukifuta, inaenda kwenye Trash na inaendelea kuhesabiwa. Gmail inahesabu mpaka Spam na Trash, Drive nayo inahesabu Trash yake, kwa hiyo mpaka uzimwage hizo ndipo namba inashuka. Huku na kule tulipata kama GB 3 hivi. Picha zilizokuwa zikingoja peke yake zilikuwa kama GB 6. Haikutosha.

Hapa kuna mtego ambao lazima niuseme. Kwenye Google Photos kuna kitufe cha "Free up space". Mtu anayehangaika na nafasi akikiona anakibonyeza. Kile kinaondoa kwenye simu picha ambazo zimeshapanda, yaani kinakupa nafasi kwenye simu, na kule kwenye akaunti hakipunguzi chochote. Kinyume chake nacho kina hatari: ukifuta picha ndani ya Google Photos kwa kawaida, inafutika kwenye akaunti na kwenye simu pia. Ukitaka kupunguza za akaunti, hakikisha kwanza zimenakiliwa kwenye diski. Ukurasa wa photos.google.com/quotamanagement unakuonyesha video kubwa na vitu vingine vizito, na video ndizo za kuanza nazo. Dakika chache za video zinakula kuliko mamia ya picha.

Mwenzetu alihamishia video za miaka ya nyuma kwenye diski ya nje, akafungua mbili tatu kuhakikisha zinacheza, ndipo tukazifuta kule na kumwaga takataka. Zikapatikana GB 4 nyingine. Kwenye WhatsApp tukazima "Include videos", bekapu ikapungua sana, kwa sababu video zake tulishazinakili kwa waya. Ikatosha, ila kwa kubanana. Nilimwambia wazi kwamba kwa kasi yake ya kumpiga mtoto picha, itajaa tena muda si mrefu, na ama alipie nafasi zaidi ama awe na siku maalumu ya kuhamishia video kwenye diski. Alichagua kulipia. Mimi mwenyewe natumia diski. Hakuna aliyekosea.

Halafu usitegemee kwamba nafasi ikipatikana kila kitu kitakimbia chenyewe mara moja. Nenda Chat backup ubonyeze "Back up", iache kwenye waifai na chaji. Fungua Photos uone imeanza kuhesabu zilizobaki. Mzigo wa miezi kadhaa unaweza kuchukua usiku mzima au zaidi, na ikikatikia njiani ile tarehe haibadiliki. Ni jambo zuri hilo, tarehe inabadilika kazi ikikamilika tu.

Kwa wenye iPhone, kanuni ni ile ile ila ukumbi ni mdogo zaidi: iCloud inatoa GB 5 tu za bure, na bekapu, picha, faili na barua vyote viko humo. Nenda Settings, gonga jina lako, iCloud, kisha iCloud Backup. Chini ya "Back Up Now" kumeandikwa tarehe ya bekapu ya mwisho iliyofanikiwa. Angalieni mambo mawili. Kwanza, kama iCloud Photos imewashwa, picha hazimo ndani ya bekapu ile, zinapanda kwa njia yake, kwa hiyo zikague peke yake kwenye icloud.com. Pili, ukizima au ukiacha kutumia iCloud Backup, bekapu ya mwisho inatunzwa siku 180 tu. Kama kuna bekapu ya simu uliyoiuza zamani, imo humo inakula GB zako, nayo inaonekana kwenye usimamizi wa nafasi chini ya Backups.

Kwa upande wako, mkuu, leo hii angalia ule mstari wa Google kwenye Chat backup na picha ya mwisho kwenye photos.google.com, utuandikie hapa tarehe zote mbili pamoja na mgawanyo wa zile GB 15. Kama tarehe ni za leo au jana, hamia bila wasiwasi. Kama ni za zamani, chomeka waya kwanza, na hata ukishahamia ikae hiyo simu ya zamani bila kufutwa mpaka umefungua kwenye simu mpya meseji na picha za kipindi kile hasa ambacho nafasi ilikuwa imejaa.