Makapu ya sikukuu kwa kampuni: uliza kwanza kiwango cha chini kimetoka wapi

Kila ifikapo Oktoba, ofa za makapu ya sikukuu huanza kumiminika katika ofisi za Dar es Salaam, na kwa miaka saba sasa mimi, kama afisa utawala wa kampuni ya kuhudumia mizigo, ndiye ninayezipokea, ninayezilinganisha na ninayelaumiwa kapu likipasuka. Ofa hizi hufanana sana: picha nzuri ya kapu lililofungwa utepe, madaraja matatu ya bei, sentensi isemayo kwamba oda isipungue makapu kadhaa, na ahadi ya kuweka nembo ya kampuni. Wengi wetu huanza kwa kubishana kuhusu bei. Kwa uzoefu wangu, bei ndiyo sehemu isiyobadilika sana, na fedha nyingi hupotea au huokolewa katika vile vipengele viwili vingine, yaani kiwango cha chini cha oda na nembo.

Nitaeleza kwa kutumia oda niliyoifanya mwaka wangu wa nne. Tulikuwa na wafanyakazi 61 na wateja 18 tuliotaka kuwashukuru. Muuzaji alikuwa na daraja la shilingi 45,000, la 75,000 na la 150,000, kila moja kwa oda isiyopungua makapu 50. Daraja la kati lilikuwa na mchele wa Kyela kilo tano, sukari kilo mbili, unga wa ngano kilo mbili, mafuta ya alizeti chupa mbili za lita moja, majani ya chai na biskuti, vyote ndani ya kikapu cha ukili. Daraja la juu lilikuwa na asali, kahawa, korosho na chokoleti. Mpango wa mkurugenzi ulikuwa rahisi: wafanyakazi wapewe daraja la kati, wateja wapewe la juu. Lakini kwa sharti lile, wateja 18 wangetulazimu kununua makapu 50 ya shilingi 150,000, yaani shilingi 7,500,000 badala ya 2,700,000, na makapu 32 yangebaki bila wenyewe.

Hapo ndipo nilipomuuliza muuzaji swali ambalo nilipaswa kulijua tangu mwaka wa kwanza: sharti hili la 50 linatokana na nini hasa? Jibu lake lilinifundisha kwamba kiwango cha chini kina vyanzo vitatu ambavyo havina uhusiano mkubwa. Cha kwanza ni katoni. Muuzaji wa makapu hununua kwa jumla, na kama asali inauzwa katoni ya chupa 12, makapu 18 yanahitaji katoni mbili na chupa sita hubaki mikononi mwake, na hali huwa hiyo hiyo kwa karibu kila kitu kilichomo kapuni, huku Januari ikiwa si mwezi wa watu kununua chokoleti. Cha pili ni gharama ya kuandaa uchapaji wa nembo, ambayo haibadiliki hata idadi ikiwa ndogo. Cha tatu ni kazi ya kufunga na kusafirisha, kwa kuwa vibarua wa kufunga na gari la kupeleka hulipwa kwa siku. Ukijua ni kipi kati ya hivyo kinambana muuzaji wako, unajua cha kumwomba. Kama ni katoni, unaweza kukubali kuchukua masalio; kama ni uchapaji, unaweza kuacha kuchapa; na kama ni gari, unaweza kwenda kuyachukua mwenyewe.

Kwa muuzaji wetu tatizo lilikuwa katoni za daraja la juu. Kwa hiyo tuliliacha daraja hilo kabisa. Tuliagiza makapu 82 ya daraja la kati, yaani ya wafanyakazi 61, ya wateja 18 na matatu ya akiba, jumla shilingi 6,150,000. Kisha kwa yale 18 ya wateja tuliongeza mfuko mdogo wa kitambaa wenye korosho, asali ya Tabora na kahawa ya Kilimanjaro, kwa shilingi 40,000 kila mmoja, na tukachukua chupa zilizobaki katika katoni kwa ajili ya jiko la ofisi. Nyongeza hiyo ilikuwa shilingi 720,000, na oda nzima ikawa 6,870,000. Kama tungefuata ofa ilivyoandikwa, hata bila akiba, tungelipa 12,075,000. Wateja walipata kapu tofauti na la wafanyakazi bila sisi kununua kapu hata moja lisilo na mwenyewe, ukiacha yale matatu ya akiba.

Bei hizo zote zilikuwa kabla ya kodi, na hili hakuna anayekwambia mpaka ankara ifike. Asilimia 18 ya VAT inaligeuza kapu la 75,000 kuwa la 88,500, hivyo ofa mbili zisilinganishwe kabla ya kujua ipi imejumuisha kodi. Kama muuzaji hawezi kutoa risiti ya EFD, mhasibu wako atamkataa hata kama makapu yake ni mazuri, kwa hiyo uliza mapema.

Sasa nembo. Ofa nyingi huitaja kama zawadi: stika bure, utepe kuanzia makapu 100, kuchapa kwenye kikapu kuanzia 200. Uchapaji wa skrini, ambao ndio hutumika zaidi kwenye mifuko ya kitambaa, huhitaji fremu moja kwa kila rangi, na fremu hulipiwa bei ile ile uchape mifuko 18 au 500. Sisi tulitozwa shilingi 30,000 kwa fremu, na nembo yetu ina rangi mbili. Gharama hiyo ya 60,000 ikigawanywa kwa mifuko 18 ni zaidi ya shilingi 3,300 kwa kila mfuko kabla hata wino haujaguswa. Tuliomba nembo ichapwe kwa rangi moja ya buluu, na hakuna mteja aliyegundua kwamba mstari wa chungwa haupo. Ukiamua kuchapa, mpe mchapaji faili halisi la nembo kutoka kwa aliyeichora, si picha iliyopitishwa WhatsApp, kwa sababu picha hiyo hupunguzwa ubora njiani na herufi hutoka na kingo zenye meno.

Kikapu cha ukili nacho kina tabia yake. Uso wake si tambarare, wino huingia kwenye mabonde ya msuko na herufi ndogo hazisomeki. Vivyo hivyo kwa vikapu vya milulu vya Iringa. Mwaka mmoja tulichapiwa jina la kampuni moja kwa moja juu ya ukili, na kutoka hatua mbili lilionekana kama doa la mafuta. Kinachofaa ni kipande kidogo cha kitambaa kilichochapwa au kutariziwa na kushonwa pembeni, au kibao chembamba cha mbao kilichochomwa nembo na kuning'inizwa kwenye mkono wa kikapu. Mimi napendelea kipande cha kitambaa, kiwe kidogo. Kikapu kizuri huenda sokoni mwaka mzima, ila mtu hapendi kubeba bango la mwajiri wake akienda kununua mchicha, na nembo kubwa hukifanya kikapu kiishie kuwekea vitunguu nyuma ya mlango. Kwenye utepe na kwenye kadi, usichape mwaka. Utepe uliobaki wenye maneno "Heri ya Sikukuu" utautumia tena Desemba ijayo, na kwa kuwa ofisi zetu zina Waislamu na Wakristo, maneno hayo yanamfaa kila mtu. Kwa sababu hiyo hiyo tuliondoa mvinyo katika makapu yote tangu mwanzo, badala ya kutengeneza orodha mbili na kukisia nani apewe lipi.

Jambo lililoniumiza zaidi ni sentensi fupi iliyo chini kabisa ya ofa, isemayo kwamba bidhaa inaweza kubadilishwa kwa nyingine ya thamani sawa. Mwaka wangu wa pili, sampuli tuliyoletewa Oktoba ilikuwa na mafuta ya alizeti ya Singida na biskuti za kopo. Makapu yalipofika tarehe 22 Desemba yalikuwa na mafuta ya aina nyingine, na biskuti za pakiti ambazo muda wake wa matumizi ulikuwa unaisha Januari. Tulikuwa tumelipa zote, kwa hiyo muuzaji alipokea simu yangu kwa upole na hakufanya lolote. Tangu hapo huandika kwenye oda jina la kila bidhaa, ujazo wake, na kwamba muda wa matumizi usipungue miezi sita tangu siku ya kupokea. Badiliko lolote liidhinishwe kwa maandishi kabla ya kufungwa. Malipo ya awali huwa nusu, asilimia 40 hulipwa makapu yakifika, na asilimia 10 ya mwisho baada ya ukaguzi. Wauzaji hulalamikia ile 10, lakini wengi huikubali. Ukaguzi wenyewe hauhitaji zaidi ya saa moja: unachagua makapu manane kutoka sehemu tofauti za rundo, likiwemo la chini kabisa, unayafungua, unasoma tarehe na kuangalia kama kofia za chupa za mafuta zimekaza.

Kofia hizo si jambo dogo, kwa sababu kapu letu lilikuwa na uzito wa karibu kilo 12, tena nusu ya wafanyakazi walikuwa wanasafiri nalo. Wanaokwenda Moshi huanza kuondoka wiki ya kabla ya Krismasi, na kapu lenye mafuta likilazwa kwenye buti la basi pale stendi ya Mbezi litafika limelowa mpaka kwenye mchele. Tuliomba chupa zifungwe kwa mkanda na zitiwe kwenye mfuko wake, na tukakataa ile karatasi ya nailoni inayong'aa inayofunika kapu zima, kwani huchanika kabla ya kufika getini na humnyima mtu mahali pa kushika. Makapu yafike ofisini ifikapo tarehe 15, si 22. Maana yake oda isainiwe kabla Novemba haijafika katikati, hasa kama kuna kushona au kuchapa.

Kuhusu idadi, orodha ya mishahara haitoshi. Mwaka wangu wa kwanza niliagiza kwa kuitazama hiyo peke yake, na siku ya kugawa walinzi wawili wa kampuni ya ulinzi, mama anayefanya usafi na kijana wa kutwa wa ghalani walisimama pembeni wakijifanya wana shughuli. Niliwapa bahasha za haraka haraka, zikaonekana ni za haraka haraka. Sasa hupita kila idara mwishoni mwa Oktoba na kuuliza ni nani hasa anayeingia mlangoni kila siku, halafu huongeza matatu juu ya idadi hiyo. Kwa upande wa wateja hupiga simu kwanza, kwa sababu baadhi ya benki na mashirika hayaruhusu watumishi wao kupokea zawadi, na kapu lililorudishwa na dereva huleta aibu pande zote mbili. Mteja ambaye zabuni yetu iko mezani kwake simpelekei kabisa mpaka jibu litoke, na kapu lake huingia kwenye hesabu ya akiba.