Yai bichi na mwezi wa Zohali

"Wanajuaje kuna bahari chini ya barafu na hakuna aliyechimba?"

Aliyenitangulia kujibu swali hili ametaja mvuke unaofoka ncha ya kusini ya Enceladus, mwezi wa sayari Zohali uliofunikwa na barafu. Ni nusu kweli, maana mvuke ungeweza kutoka kwenye kidimbwi tu.

Kilichomaliza ubishi ni mtikisiko. Zungusha mezani yai boilo la muuza smoki wa stejini, kisha yai bichi. Bichi hulegalega kwa sababu ganda halijashikana na cha ndani. Picha za chombo cha anga Cassini, zilizopimwa miaka mingi, zilionyesha uso wa Enceladus ukiyumba nyuzi 0.12, kama nusu kilomita kwenye ikweta. Barafu iliyogandamana na mwamba isingeyumba hivyo, kwa hiyo maji yamezunguka mwezi mzima.

Uhai je? Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza hidrojeni ndani ya mvuke huo, na vijidudu fulani vya bahari zetu huila pamoja na kaboni dioksidi. Mimi nasita kidogo: chakula kikibaki kingi hivyo, labda hakuna mlaji.

Na ndugu wa Ngong uliyeitafuta bahari kwenye mwezi wetu ukaikosa, mwezi wetu hauna bahari hiyo. Darubini yako ya mtumba haina kosa.