Kabla hujaposti upungufu wa stoku, tafuta delivari

Wiki iliyopita dada mmoja wa Arusha aliniandikia. Wamemaliza kuhesabu stoku ya mwaka, mfumo wao wa ERP unaonyesha upungufu, na bosi anataka tofauti ipostiwe leo leo. Niliumia kusoma, maana nami niliwahi kukalia kiti hicho hapa Moshi.

Nilikuwa mhasibu wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Tulihesabu mara moja tu kwa mwaka, Desemba 31. Mwaka huo mfumo ulisema tuna mifuko 412 ya saruji, stoo tukakuta 372. Tukarudia, ikawa 372 ile ile. Nikaingiza hesabu, nikathibitisha. Kwa bei ya wastani ya shilingi 14,000 kwa mfuko, mfumo ukaandika wenyewe: debiti hasara ya stoku 560,000, krediti stoku 560,000. Mtunza stoo, mzee wa watu, akaanza kukatwa mshahara.

Baada ya siku chache karani aliingiza delivari ya mifuko 40 iliyokwenda Himo Desemba 30. Karatasi ilikuwa imebaki kwenye gari. Mfumo hauwezi kujua kwamba mifuko hiyo nimeshaitoa kama upungufu, kwa hiyo ukaitoa tena, safari hii kama gharama ya mauzo. Tulishtuka miezi baadaye, siku mfumo ulipogoma kuuza ukidai saruji imeisha, na mifuko 40 imepangwa mbele ya macho yetu. Ziada 40, upungufu 40: hapo ndipo nilipoelewa. Mzee alirudishiwa fedha zake, lakini hakunisalimia tena kama zamani.

Tangu hapo nahesabu kwa mzunguko, na stoku yangu inakubaliana na vitabu. Saruji, nondo na bati kila Jumatatu kabla ya kufungua. Misumari na bawaba mara mbili kwa mwaka zinatosha. Ukikuta tofauti Jumatatu, unatafuta kwenye karatasi za wiki moja, na dereva bado anakumbuka alikopeleka mzigo. Kwa hesabu ya mwaka unachimba miezi 12. Hiyo ya mwaka usiifute bila kukubaliana na mkaguzi wenu.

Msihesabu kabla delivari na hati za kupokea mzigo hazijaingizwa zote. Na msiuze kati ya kuhesabu na kuposti. Mifumo mingine huweka idadi uliyoandika kama ilivyo: ukihesabu 372 asubuhi, ukauza 5, kisha ukaposti 372 mchana, ile 5 imerudi vitabuni ingawa mteja ameshaondoka nayo.

Dada yangu, mwombe bosi siku mbili. Pekua madroo, pekua magari. Ukipata delivari ya kabla ya hesabu, iingize kwa tarehe yake, kisha umwambie mfumo ulinganishe upya. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kuposti, na sababu yake iandikwe.