Hawavutwi, wanageuzwa

"Eti bakteria wa tope la ziwani wanavutwa na sumaku ya dunia mpaka chini?"

Hapana, inawageuza tu. Kuogelea wanaogelea wenyewe kwa mikia yao. Ndani wana fuwele za magnetaiti, madini ya chuma yenye sumaku, kila moja kama nanomita 50, zimepangwa kama shanga uzini. Fuwele moja ingeshindwa na msukosuko wa molekuli za maji, lakini zikiwa 15 au 20 kwenye mstari nguvu zinajumlishwa, na mwili wote unakaa kama sindano ya dira. Hata aliyekufa hugeuka, ila haendi popote.

Wanaosema bakteria hawa wanafuata kaskazini wako sahihi kwa Ulaya, ambako kufuata kaskazini ya sumaku ni kushuka. Mwanza tuko kusini mwa ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo sumaku ya dunia imelala sawa na ardhi, na huku inaelekea kaskazini na juu: ukifuata kaskazini unapanda. Kwa hiyo wa huku tunatarajia wengi waelekee kusini, washuke mshazari hadi kwenye tope lenye oksijeni kidogo. Lakini dira haitoshi, maana oksijeni nayo huwafanya warudi nyuma.

Huwa naonyesha wanafunzi: tone la maji ya tope chini ya hadubini, sumaku pembeni. Wanajazana ukingoni. Ukigeuza sumaku, wote wanarudi upande wa pili.