Barua ya kusudio: weka ukomo wa pesa na tarehe

"Mkandarasi anataka kuingia saiti wiki ijayo na mkataba haujasainiwa. Barua ya kusudio itanilinda vipi?"

Ndugu, barua hii, inayomruhusu mkandarasi kuanza kazi kabla ya mkataba kusainiwa, itakulinda ikiwa na ukomo. Andika hivi: "Tunakuruhusu kuweka uzio, kujenga ofisi ya saiti na kuagiza nondo za msingi tu. Malipo yote, kodi ikiwemo, hayatazidi shilingi milioni 60. Ruhusa inaisha 30 Juni au mkataba ukisainiwa, lolote litakalotangulia." Ongeza kwamba ukisitisha utalipa gharama halisi zenye risiti, bila faida ya kazi ambayo hajaifanya, na nondo ulizolipia ni zako. Bima ya mkandarasi uione kabla lori la kwanza halijaingia.

Balaa huanza tarehe ikipita, zege linamwagwa, nawe umenyamaza. Kule Uingereza, kesi ya RTS dhidi ya Müller kuhusu mitambo ya kufungashia mtindi ilikuwa hivyo: barua iliisha Mei 2005, kazi ikaendelea, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mkataba ulikuwepo kwa mwenendo wao, ingawa haukusainiwa. Kwa hiyo wiki moja kabla ya tarehe, ongeza muda kwa maandishi au simamisha kazi kwa maandishi. Simu haitoshi.